Siku nzima kwa mistari miwili: kufasiri nyimbo za Kiarabu hapa Ngamiani, Tanga

Nikisema kazi yangu ni kufasiri Kiarabu, watu hudhani nashinda nimeinamia vitabu vya dini. Riziki yangu inatoka kwenye vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na mikataba ya wanaokwenda Omani kufanya kazi. Nyimbo huja moja moja, zaidi misimu ya harusi. Zinalipa kidogo kuliko vyote na ndizo zinazonirudisha nyumbani nimechoka kama mpagazi wa bandarini. Hii ni Alhamisi iliyopita.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai, maandazi, mbaazi za jana. Simu nimeiegemeza kwenye thermosi, nasikiliza ule wimbo kwa mara ya ishirini na kitu. Ni wimbo wa harusi, ametunga shemeji yake mteja aliyeko Maskati, na ruhusa ya kuuimba kwa Kiswahili ameituma kwa sauti mwenyewe. Beti nilishazimaliza Jumatano. Kilichobaki ni kiitikio, mistari miwili tu, na harusi ni Jumamosi.

Saa mbili hadi saa sita. Vyeti vitatu, mkataba mmoja, umeme umekatika mara moja. Basi.

Mteja aliahidi kufika saa tatu. Amefika saa saba na robo, wakati nimefungua bakuli la wali. Ni mwimbaji wa siku nyingi, umri wa mama yangu. Akiwa radhi nami huniita mwanangu, akiudhika naitwa Ustadhi. Siku hiyo ameingia na karatasi mkononi.

“Ustadhi, mpwa wangu amefasiri usiku mmoja tu. Wewe wiki nzima unahangaika na nini?”

Nikaisoma. Ili mnielewe, kiitikio chenyewe kwa herufi zetu ni hiki:

Ya ghaali, ta'aal, ta'aal
Taal il-leel u taal

Na mpwa aliandika:

Ewe ghali, njoo, njoo
Usiku umerefuka, umerefuka

Kijana hakukosea maana ya Kiarabu, tuseme haki. Kosa lake ni kuliacha neno “ghali” vilevile kwa kuwa Kiswahili tunalo. Tunalo, ila lilipovuka bahari lilibadili kazi. Mwarabu akikuita ghali amekuita wa thamani, kipenzi chake. Kwetu ghali ni bei. Nikamuuliza, “Mama, utasimama mbele ya wakwe waliotoka kuhesabu mahari juzi, umtazame bibi harusi, umwimbie ewe ghali?”

Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakaa. Lakini hakukubali. Alitaka neno libaki kwa sababu linasikika Kiarabu, na watu wa Maskati watakuwepo. Hapo tukatumia nusu saa. Maneno ya namna hii ni mengi na ndiyo mitego mikubwa ya kazi hii, maana anayejua Kiswahili anaamini nusu ya Kiarabu anayo tayari. Fitina, kwa mfano. Kwenye nyimbo zao mara nyingi ni uzuri unaomtia mtu wazimu. Ukiliacha lilivyo, umemwita bibi harusi mchonganishi.

Sasa mstari wa pili. Ukihesabu silabi za Kiarabu utapata tano: taa, lil, lee, lu, taal. Za mpwa ni kumi na tatu. Nikamwambia aimbe. Akaimba kweli, palepale ofisini, wateja wawili wa vyeti wakiangalia. Alipofika “umerefuka” ya kwanza noti zilishamwishia, akabaki anaisukumiza ya pili kama mtu anayepanda daladala iliyojaa.

“Basi punguza,” akasema.

Nipunguze. Wanavyosema, utadhani ni mchuzi.

Namna ninavyofanya ni hivi. Nachora nukta kwa kila noti fupi na mstari kwa kila noti inayovutwa, bila neno lolote, halafu naimba “la la la” juu yake huku napiga meza. Karatasi hiyo ndiyo bwana wangu, kamusi inafuata nyuma. Katika kiitikio hiki noti zote ndefu za mwisho zimeangukia “aal”. Kiarabu kinamudu hilo kwa sababu neno linaweza kuishia kwa irabu ndefu yenye konsonanti nyuma yake, na mkazo ukakaa hapohapo mwishoni. Kiswahili chetu kinaishia kwa irabu, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo pale mwimbaji anapotaka kumwaga moyo wake wote, sisi tunampa silabi iliyopoa. Mtu akisikia wimbo uliofasiriwa akahisi unachechemea asijue kwa nini, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mstari wa kwanza ulipona kwa bahati. Neno “njoo” lina o mbili: mkazo uko kwenye ya kwanza, lakini sauti ni ileile inaendelea, kwa hiyo mwimbaji anaivuta o ya pili na sikio halijui pa kulalamika. Noti mbili za “ta'aal”, silabi mbili za “njoo”. Kimaana pia ni lilelile.

Mahali pa “ya ghaali” nilianza na “mpenzi”. Silabi tatu, zinatosha. Ila ile ya kwanza ni m, na m inaimbwa mdomo umefungwa, wakati muziki unafunguka kwa “ya”. Alipojaribu ilitoka kama mtu anayeguna. Nikampa “muhibu”, akasema hilo ni la mashairi ya babu yake. Nikampa “azizi”. Linaanza kwa a, uzito wake uko silabi ya pili sawasawa na “ghaa” ya kwao, asili yake Kiarabu kwa hiyo watu wa Maskati watajisikia nyumbani, na maana haijaenda mbali: mtu wa thamani.

“Azizi, njoo, njoo,” akaimba. Akarudia. “Hilo, mwanangu.”

Nikajua tumevuka nusu ya mto. Wali ulishapoa.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipoingia kwenye mstari wa usiku. Kijana wa vyeti alirudi mara mbili akanikuta napiga meza. Kwa huo usiku nilikuwa nimemwandalia “kucha hakuchi”. Silabi tano kamili. Kiarabu kinarudia taal na taal, nasi tunarudia kucha na hakuchi, na ndivyo mtu wa hapa anavyolalamika akikosa usingizi. Urefu wa usiku haukutajwa, lakini nani asiyeuona?

Yeye hakuuona. “Shemeji yangu amesema mrefu. Urefu uko wapi?”

“Umo, Mama. Usiku usiokucha ni mfupi?”

“Uandike.”

Tukabishana hapo mpaka adhana ya alasiri. Kimoja nilikificha kwa kuogopa kumpa silaha: katika Kiarabu “ta'aal” na “taal” zinakaribiana kwa sauti, njoo na kurefuka, kwa hiyo sikio linasikia wito na malalamiko kwa pamoja. Huo utamu mimi nimeuacha ng'ambo. Nimeutafuta siku sita, sikuupata.

Akanitupia ile ambayo kila mtu hunitupia: Kiarabu kina utamu wake, Kiswahili hakifiki. Nikamwuliza, Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, nani alimwambia hakifiki? Akaniambia nisimwingize Siti kwenye mambo ya usiku mrefu. Kwa hilo alikuwa na haki.

Kasoro ya kweli ya “kucha hakuchi” aliigundua yeye, tena kwa koo, si kwa hoja. Kiitikio kinarudiwa mara nne. Ya kwanza na ya pili ziko chini, ya tatu inapanda juu kabisa na kukaa huko, ya nne inashuka. Pale juu “chi” ilimbana. Irabu i kwenye noti ya juu inayovutwa inakuwa nyembamba kama filimbi, na ya Kiarabu ni a, mdomo wazi. Tukapatana hivi: “Azizi, njoo, njoo” haibadiliki mara zote nne, kwa sababu huo ndio mlango wa wimbo, na wanaokuja kutuza wanautambua kwa huo. Mstari wa pili ubaki “kucha hakuchi”, isipokuwa mara ya tatu uwe “usiku wakaa”. Silabi ni sita ukihesabu, lakini “kaa” ina a mbili zinazoingia kwenye noti moja ndefu, ujanja uleule wa “njoo”. Na urefu wake, alhamdulillahi, ukapatikana.

Baada ya swala ya Isha, mazoezi. Chumba cha nyuma ya nyumba moja barabara za ndani huku, kinanda, ngoma mbili, tari, joto. Mimi nimekaa juu ya kreti la soda na karatasi yangu ya nukta na mistari. Sikwenda kwa kupenda. Nilishajifunza kwamba maneno yanayokaa vizuri mezani yanaweza kufa mbele ya ngoma.

Yakafa. Mara ya tatu, alipopanda na “usiku wakaa”, mpiga tari akauliza, “Usiku unawaka nini?” Ngoma ilikuwa imeimeza a ya pili, kila mtu chumbani akasikia waka. Vijana wakaanza kutafuta kizimamoto. Nikawa nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, jasho linadondokea karatasi. Usiku hupita, usiku mwingi, usiku jama. Upuuzi mtupu. Mpiga kinanda akawa anaangalia saa.

Mama hakuniuliza. Alimwambia kinanda aanze upya, akaimba ya kwanza, ya pili, na alipofika ya tatu akageuza: “hakuchi kucha.” Ile “cha” ya mwisho akaipandisha juu akaifungua yote.

Mkazo ulikuwa umekaa pasipopaswa. Kwa sheria zangu zote ile cha haistahili noti ile. Nilifungua mdomo kusema, nikamwona mpiga tari amefumba macho, nikaufunga.

“Vipi, mwanangu?”

“Iache hivyo, Mama.”

Yule wa ngoma ndogo akasema kwa kucha zile bibi harusi lazima apakwe hina. Wakacheka, wakarudia toka mwanzo.

Tulipatana elfu arobaini. Amenirushia ishirini kwa simu pale mlangoni, nyingine baada ya harusi, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa mstari wa mara ya tatu amemaliza yeye, tuzungumze. Nimefika nyumbani karibu saa sita. Mke wangu ananisimulia kwamba nilivyolala nilikuwa bado napiga ubao wa kitanda kwa vidole, tano tano.