Siku moja ya kulainisha maneno ya duka

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni maelezo ya bidhaa 12 za duka dogo la mishumaa na sabuni. Mwongozo wao wa sauti, yaani jinsi wanavyotaka maandishi yao yasikike, ni ukurasa mmoja, na mstari unaobeba uzito ni huu: "Tunatania, hatuhubiri." Ni mstari mzuri, lakini hauonyeshi mahubiri yamejificha wapi. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, ninasoma maelezo ya kiwandani na kupigia mstari maneno yenye sauti ya mkubwa: "hakikisha", "inapaswa", "mtumiaji", "bidhaa hii", "ubora wa hali ya juu".

Saa 3. Naanza na mshumaa wa nta ya soya, gramu 200, kwenye glasi yenye kipenyo cha sentimita 7.5. Kiwanda kimeandika hivi:

"Wakati wa matumizi ya kwanza, mtumiaji anapaswa kuhakikisha kuwa bidhaa inawaka kwa muda wa saa 3 ili nta iyeyuke hadi ukingoni. Utambi ukatwe hadi milimita 6 kabla ya kila matumizi."

Kosa la wengi ni kufuta "anapaswa kuhakikisha" na kubandika kichekesho mwishoni. Hapo unapata tangazo la serikali lililovaa kofia ya sherehe. Mamlaka ya sentensi hii yanatokana na muundo wake: anayesomewa ameitwa "mtumiaji", na kitenzi "ukatwe" hakina mwenyewe. Ukimgeuza mtumiaji kuwa "wewe", nusu ya ugumu inaondoka hata kabla ya utani kuingia.

Saa 4. Utani wenyewe ninautafuta ndani ya kinachotokea kwenye mshumaa, siutoi nje. Mshumaa ukizimwa mapema mara ya kwanza, nta huyeyuka katikati tu, na kila ukiuwasha tena mwali unazidi kuchimba palepale. Utambi ukiwa mrefu, mwali unakua na masizi yanapaka glasi. Vyote viwili vina tabia ya mtu, basi vinaandikika:

"Siku ya kwanza, usiwe na haraka nao. Uache uwake kwa muda wa saa 3, mpaka nta igonge ukuta wa glasi. Ukiuzima mapema utachimba shimo katikati, na nta ya pembeni itabaki kutazama tu. Na kabla hujauwasha tena, unyoe utambi ubaki milimita 6. Ukifuga ndevu, utapaka glasi masizi."

Sikugusa "kwa muda wa". Ukiandika "uache uwake saa 3" kwa kutaka wepesi, yupo atakayeelewa kwamba mshumaa unawashwa saa tatu usiku.

Saa 6 mchana. Upatanisho wa kisarufi. Utani ukinoga, mshumaa unaanza kuwa mtu, na mwandishi anateleza: "mshumaa huu unapenda utulivu, amechoka na upepo." Chagua moja. Mimi hubaki na u-, kwa sababu mshumaa unaotenda kama mtu huku ukibeba upatanisho wa kitu unachekesha zaidi. Ukitaka a-, upe jina kwanza, Bwana Mshumaa, halafu usirudi nyuma.

Saa 8. Onyo: "Usiache mshumaa unaowaka bila mtu. Weka mbali na watoto na mapazia." Hapa sitanii. Msomaji aliyezoea mzaha tangu sentensi ya kwanza ataliona onyo la kuchekesha kuwa mzaha mwingine, atalipita. Linabaki kavu, kwenye mstari wake. Mwongozo haukusema lolote kuhusu maonyo, kwa hiyo namwandikia mwenye duka aongeze sentensi moja inayoyatoa nje ya utani. Jina la bidhaa pia halichezewi: anayetafuta "mshumaa wa nta ya soya" hataandika "kijimwanga cha jioni".

Saa 9. Sabuni zinaenda haraka, isipokuwa moja. Rasimu ilisema, "Kwa ngozi iliyochakaa kama kiatu." Imefutwa. Utani wa duka uelekezwe kwa bidhaa, au kwa duka lenyewe. Mnunuzi hataniwi kuhusu mwili wake na mtu wasiyejuana.

Saa 10. Nayapanga maelezo yote 12 kwenye ukurasa mmoja, kama mnunuzi atakavyoyaona. Hapa ndipo aibu hujitokeza: "kunyoa utambi" imo kwenye mishumaa minne kati ya mitano. Ukiusoma peke yake, mzaha huo unachekesha; mara ya nne unachosha kuliko "hakikisha" ya kiwandani. Naubakiza kwenye mshumaa wa soya, mitatu mingine inapata "kata utambi ubaki milimita 6", bila mbwembwe. Alama za mshangao zilikuwa tisa. Zimebaki mbili.

Saa 11 jioni. Natuma jedwali la safu tatu: maelezo ya zamani, mapya, na namba zisizobadilika, yaani gramu, sentimita, milimita na muda wa kuwaka. Safu ya tatu ndiyo mwenye duka ataisoma kwanza, maana namba moja ikipotea kwenye utani, mnunuzi atapiga simu kuuliza.