Kuchuja maombi ya wahitimu

Niko kwenye jopo la kuchuja maombi ya mafunzo kazini kwa wahitimu. Ufaulu kwetu ni mlango tu: ukifikisha daraja la pili la juu umeingia, na mwenye daraja la kwanza hapati alama ya ziada. Kinachobaki ni hamasa na uwezo wa kukua, kila kimoja 0 hadi 4.

Mmoja kaandika: "Taasisi yenu inaongoza na nitajifunza mengi." Nikaweka jina la taasisi nyingine pale, sentensi haikutikisika. Hamasa, 1.

Mwingine hajawahi kuajiriwa popote. Alikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, akakuta daftari halilingani na fedha zilizopo, akaanzisha stakabadhi. Akaeleza pia nani alimpinga, na alibadilisha nini baada ya hapo. Uwezo nikampa 4. Mwenzangu, anayesahihisha bila kuona alama zangu, alimpa 2: "Hana uzoefu, ndugu yangu."

Tukafungua mwongozo wa kutoa alama. Uzoefu hauna hata safu! Akasoma upya jibu, akapandisha hadi 3. Tofauti ya alama moja tunaiacha. Ikizidi, anasoma mtu wa tatu.