Kumbukumbu ya sabuni zangu: boksi zuri lilivyokula faida

Jumapili usiku. Nimerudi sokoni na begi zito kuliko nilivyotaka. Jana na leo asubuhi nilikuwa nikijiambia biashara inakwenda, kwa sababu nikitoa gharama ya sabuni kwenye bei yake, hesabu inapendeza. Leo nimekaa na daftari mpaka mwisho, na nimeona nilikuwa nimeiacha katikati.

Nianze na chungu chenyewe. Chungu kimoja kinabeba kilo moja ya mafuta: gramu 400 za nazi, 300 za mawese na 300 za alizeti. Kostiki soda ni gramu 148, kipimo kinachoacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni ili ngozi isikauke. Maji ni gramu 300, na mafuta ya mchaichai gramu 20. (Karafuu niliiacha baada ya uji kugandia kwenye sufuria kabla sijaumimina.) Kwa bei ninazonunulia hapa Dar, chungu kizima kinanigharimu sh 10,500.

Nakata vipande 12. Mara ya kwanza nikagawa kwa 12, nikapata sh 875. Lakini siuzi 12. Kimoja huwa cha pembeni, kimekatika vibaya au kina unga mweupe juu, nacho kinabaki bafuni kwetu. Kwa hiyo nagawa kwa 11: sh 955 kwa kipande. Tofauti ya sh 80 inaonekana ndogo, ila inajirudia kwenye kila sabuni nitakayouza.

Vifungashio ndivyo vilivyonishika. Boksi la karatasi ya kaki lilitoka sh 400, stika sh 150, kamba ya katani sh 50. Kifuko cha karatasi cha kumbebea mteja ni sh 200, na kwa kawaida mtu hununua mbili, kwa hiyo naandika sh 100. Jumla sh 700. Yaani nguo za sabuni zinakaribia bei ya sabuni yenyewe! Gharama ya kipande kikiwa tayari ni sh 1,655. Nauza sh 3,500, inabaki sh 1,845.

Hapo dada yangu alifurahi: "Mbona unapata zaidi ya asilimia 100!" Yeye aligawa 1,845 kwa gharama, 1,655, akapata 111. Mimi nagawa kwa bei ya kuuzia, 3,500, napata kama 53. Wote tuko sawa, ila tunajibu maswali mawili tofauti. Nashika la kwangu kwa sababu meza, usafiri na punguzo zote zinatoka kwenye pesa anayonipa mteja.

Sasa meza. Siku moja ya soko nalipa sh 35,000, bajaji kwenda na kurudi sh 12,000, chakula na maji sh 4,000. Jumla sh 51,000, niuze nisiuze. Kosa langu la miezi yote ni kutaka kuipa kila sabuni fungu lake la meza mapema, kana kwamba najua nitauza ngapi. Meza haijui idadi ya sabuni, inajua siku. Swali sahihi ni hili: sabuni ngapi ziuzwe ndipo meza ijilipe? 51,000 kugawa kwa 1,845 ni 27.6, yaani sabuni 28. Ya 29 ndiyo ya kwanza inayoniachia faida yake yote.

Soko la kwanza niliuza 41. Zikanibakishia sh 75,645, nikitoa meza na mengine, sh 24,645. Soko la leo mvua ilianza saa tano asubuhi, watu wakajibanza chini ya hema la chakula, nikauza 22. Hasara sh 10,410. Masoko mawili, sabuni 63, mauzo sh 220,500, mkononi sh 14,235. Ile asilimia 53 imeshuka mpaka 6 na kidogo.

Na bado kuna stika. Nilichapisha lebo zinazosema gramu 120 kwa sababu ndivyo kipande kilivyopima siku ya kukata, kama gramu 122. Baada ya wiki tano kwenye rafu, maji yakishatoka, mizani ikasoma 106. Siwezi kumuuzia mtu 106 nikamwandikia 120. Stika 60 nimezitupa, sh 9,000. Lebo mpya inasema gramu 100, na nimejifunza kutoagiza lebo kabla chungu cha kwanza hakijakauka. Imebaki sh 5,235. Nikihesabu kupika, kukata, kufunga na siku mbili za kusimama, ni kama saa 30. Yaani kwa saa napata sh 174 na ushee. Nimecheka peke yangu.

Jumatano. Nimejaribu kufunga kwa mkanda wa karatasi badala ya boksi. Lebo inachapwa juu ya mkanda huohuo, kwa hiyo stika na kamba zinaondoka: sh 150 kila kitu. Kuongeza kifuko, sh 250. Gharama inashuka mpaka sh 1,205, inabaki sh 2,295, na meza inajilipa kwa sabuni 23. Yaani siku ya mvua ningepoteza sh 510 tu. Faida nyingine sikuitarajia: sokoni watu walikuwa wanafungua boksi ili wanuse, linachanika, nalirudisha nyumbani. Mkanda unaacha ncha mbili wazi za kunusa.

Dada kauliza kwa nini nisimalize maboksi kwanza, si nimeshayalipia. Ni kweli pesa imekwenda. Kiwanda kilikuwa hakichapi chini ya 500, yamebaki 437 chini ya kitanda, sh 174,800 zimelala pale. Lakini sitayatoa bure tena. Anayetaka zawadi atapata sabuni ndani ya boksi kwa sh 4,500, na mwingine mkanda kwa 3,500.

Ijumaa. Mwenye duka moja la vipodozi anataka kuchukua kwa sh 2,500. Mwanzoni niliona ananinyonya. Ila dukani kifuko hakihitajiki, gharama ni sh 1,105, kwa hiyo kila kipande kinaniachia sh 1,395 bila meza, bila bajaji, bila mvua. Ili sabuni ya sokoni ifikie hapo kwa bei yangu ya 3,500, lazima niuze 57 kwa siku. Sijawahi kufika 57. Ameuliza alama ya TBS, ambayo bado sina, kwa hiyo kwa sasa hesabu hii inakaa daftarini.

Kinachowezekana wiki hii ni mama anayeuza asali meza ya pili. Naye analalamikia ada ileile, na meza yake nusu iko wazi. Tumekubaliana kuchangia moja: sh 17,500 kila mmoja. Siku yangu ya soko inashuka mpaka sh 33,500, na kwa mkanda meza inajilipa nikiuza sabuni 15. Nitabeba 40, na maboksi kumi tu.