Taa ya Njano Kabla ya Mtera

Asubuhi tuliyotoka Iringa kwenda Dodoma, pikipiki ya kazini ilikuwa imesumbua sana kuwaka kwa baridi, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na tulipokuwa tukiteremka kuelekea Mtera taa ya njano yenye mchoro wa injini ikawaka na haikuzimika. Niliyempakia alikuwa mzee mmoja, fundi wa miaka mingi. Aliniuliza kama injini imepungua nguvu au inatoa mlio mgeni. Nilipomjibu kuwa hapana, alisema twende polepole hadi Izazi. Ingekuwa taa nyekundu ya oili, aliongeza, angenitaka nizime pale pale.

Izazi nilizima injini, nikaiegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, kisha nikafungua swichi bila kuiwasha. Taa ile ikaanza kumeta: mara saba fupi, ikatulia, mara saba tena. Kwa pikipiki ile, mmeto mrefu huhesabiwa kumi na mfupi moja, na saba ilikuwa namba ya sensa ya joto la injini. Aina nyingine zina hesabu zake, kwa hiyo kijitabu cha pikipiki ndicho cha kufuatwa. Hapo ugumu wa asubuhi ukaeleweka, kwa sababu kompyuta ya injini inapokosa taarifa ya joto hutumia kipimo kisichobadilika, kinachoifaa zaidi injini iliyokwisha kupata moto, na hivyo injini ya baridi haiongezewi petroli inayohitaji.

Mzee alinitaka nifunge swichi kabla ya kugusa waya wowote. Soketi ya sensa ilikuwa imelegea na ina unyevu, bila shaka kutokana na kuoshwa kwa maji ya mpira yenye nguvu. Tuliikausha kwa kitambaa na kuisukuma mpaka ikabana. Swichi ilipofunguliwa tena, taa iliwaka sekunde chache ikazimika, kama inavyopaswa.

Injini ikawaka, taa ya kijani ya N, yaani gia huru, ikionekana, lakini nilipoingiza gia ya kwanza ikazimika ghafla. Mzee hakuangalia petroli wala plagi. Alinionyesha kwamba taa ya stendi bado inawaka. Tope lililokauka kwenye kiungo liliizuia stendi isipande hadi mwisho, na swichi yake hukata moto gia inapoingia, kwa kuwa stendi iliyoning'inia ikigusa lami kwenye kona huweza kumwangusha dereva. (Wapo wanaoiunganisha moja kwa moja ili wasisumbuliwe, na sijawahi kuwaelewa.) Tulibandua tope, kisha akanitaka nisukume pikipiki mbele na nyuma kabla ya kuwasha, kwani swichi ya N nayo ikiharibika huweza kuonyesha kijani hali gia imeingia.

Dodoma iliwaka bila shida, lakini joto la huko halikuthibitisha chochote. Niliamini tumelitatua tatizo niliporudi Iringa, ilipowaka alfajiri kwa kubonyeza mara moja.