Nilivunja ukuta wa bafu nikitafuta paipu iliyopasuka, kumbe maji yalikuwa yanatoka ardhini

Rangi ya sebuleni ilianza kuvimba mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mwanzoni ilikuwa vipele vidogo juu ya skatingi, nyuma ya kochi, mahali ambapo hakuna mtu huangalia. Mwezi ulipoisha plasta ilikuwa inamomonyoka ukiigusa kwa ukucha, na juu yake kumeota unga mweupe kama chumvi iliyomwagika.

Nyumba yetu iko Embakasi, ya chini tu, ya mawe ya kuchonga ya inchi 9, juu ya ule udongo mweusi unaojulikana na kila aliyewahi kujenga upande huu. Ukuta ulioharibika ndio wa upande wa bustani: unaanzia sebuleni, unapita bafuni, unaishia chumba cha watoto. Kwa sababu bafu liko katikati, sikuwaza mara mbili. Nikaita fundi wa paipu.

Alikuja, akagonga gonga, akasema, "Madam, hii ni paipu imepasuka ndani ya ukuta. Tusipovunja italeta shida kubwa." Akatoa vigae sita chini ya shawa na kuchimba mpaka akafikia paipu. Ilikuwa kavu, na viungo vyake pia vikavu. Akasema basi tatizo liko mbele kidogo. Hapo nikamlipa kazi ya siku ile na kumwambia apumzike kwanza.

Sina kinyongo naye. Mwenye nyundo ni mimi niliyemwita, na nilimwita nikiwa nimeshaamua ni paipu.

Jirani ndiye aliyenipa namba ya mzee mmoja mjenzi, mtu wa mawe, si wa paipu. Mzee hakuja na chombo chochote siku ya kwanza. Alivuta kochi, akachuchumaa, akatembeza kiganja ukutani kutoka sebuleni hadi chumba cha watoto. Kisha akaniuliza, "Mama, huko kwa watoto kuna paipu?" Hakuna. Paipu ya karibu iko zaidi ya mita tatu. Na bado alama ya maji ilikuwa pale, kwa kimo kilekile cha sentimita 80 hivi, imenyooka kama imechorwa kwa uzi.

Akanieleza kwamba paipu inayovuja huloesha mahali pamoja. Utaona doa lenye kitovu, linatanuka kutoka hapo, na unyevu unaweza kuwa juu ya paipu au chini yake, masika au kiangazi. Maji ya ardhini hayana kitovu. Yanapanda kwenye vitundu vidogo vya jiwe na chokaa kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, na yakifika mahali ambapo ukuta unakauka haraka kuliko yanavyopanda, yanakomea hapo. Maji yanaruka hewani, chumvi za udongo zinabaki. Ndiyo maana unga mweupe unakuwa mwingi pale juu kwenye mstari, wakati chini kabisa ndiko kumelowa zaidi.

Sikutaka kubahatisha mara ya pili, kwa hiyo nilipima mwenyewe. Watu wengi watakuambia ufunge mifereji yote uangalie mita. Nairobi hiyo haitoshi. Maji ya kwetu yanaingia kwenye tangi lililo juu ya nyumba, na nyumba inakunywa kutoka tangini. Mita inaweza kutulia kabisa huku paipu ya bafuni inavuja, kwa sababu anayepungua ni tangi. Tena siku ambazo maji hayaji, mita haiwezi kukuambia lolote.

Tulikuwa tunaenda ushago wikendi. Jumamosi asubuhi nilifunga koki inayoingiza maji tangini, nikafunga mifereji yote, nikafunga pia koki ndogo ya tangi la choo. Hiyo ya choo usiisahau, maana choo kinachopitisha maji kimyakimya kitakupa jibu la uongo. Nikapanda nikaweka alama ya kalamu ndani ya tangi, usawa wa maji. Tulirudi Jumapili jioni, baada ya saa 30. Maji yalikuwa palepale kwenye alama. Tone moja kila sekunde kwa muda huo ni kama lita 5, na kwenye tangi langu la lita 1,000 ningeona yameshuka karibu nusu sentimita.

Kipimo hicho hakigusi maji machafu, kwa sababu paipu ya uchafu haina maji ukiwa hutumii. Kwa hiyo tulichimba kishimo nje karibu na ukuta wa bafu, nikamwaga ndoo mbili zenye rangi nyekundu ya chakula kwenye tundu la shawa. Asubuhi udongo wa kishimoni ulikuwa mweusi uleule.

Mzee aliporudi alikuja na drili. Alitoboa ukuta wa chumba cha watoto kwa vimo vinne. Sentimita 10 kutoka sakafuni, drili ilitoa tope linalonata kwenye ncha. Kwa 50, unga mbichi unaoshikana ukiufinya. Kwa 90 ulishikana kidogo tu. Kwa 130 ukapeperuka. Hapo hata mimi nilielewa.

Lakini kwa nini ukuta huu tu? Ule wa upande wa barabara ni mkavu. Mzee akatoka nje na jembe, akachimba kando ya bustani, na chini ya udongo akanionyesha ile karatasi nyeusi ya dipisii, inayolazwa kati ya mawe ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeleta lori la udongo mwekundu kwa ajili ya maua, nikapanga kabro pembeni, nikaegemeza vyote ukutani. Dipisii inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Yangu ilikuwa sentimita 20 chini ya waridi. Karatasi ilikuwa nzima kabisa. Maji yalikuwa yanairuka tu kwa nje na kuingia kwenye jiwe lililo juu yake.

Tuliondoa udongo wote mpaka sentimita 15 chini ya dipisii, tukakata plasta ya nje iliyoivuka, tukachimba mfereji mwembamba wenye mteremko kuelekea mtaroni na kuujaza kokoto. Ndani tulibandua plasta hadi sentimita 110, yaani 30 juu ya mstari. Haifai kuiacha hata ikikauka: zile chumvi zinavuta unyevu wa hewani, na siku ya mawingu ukuta unalowa tena bila maji yoyote kutoka chini.

Nilitaka tupige plasta ya saruji ya kuzuia maji mara moja. Mzee akakataa. "Ukiyafungia hapa, binti yangu, yatatokea pale juu." Ukuta unakauka kwa kadiri ya inchi moja ya unene kwa mwezi, na wetu ni inchi 9. Tuliishi na mawe wazi sebuleni kuanzia Julai hadi Machi, wageni wakidhani tunajenga. Kila mwezi nilibandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku mbili, kingo zote zimezibwa kwa selotepu. Hadi Desemba kulikuwa na ukungu wa maji upande wa ndani wa nailoni. Februari haukuonekana.

Plasta mpya ni ya saruji sehemu moja, chokaa moja, mchanga sita, na rangi ni ya maji, si ya mafuta. Masika yamepita juu yake na mstari haujarudi. Waridi ziko kwenye ndoo. Vigae sita vya bafuni havikupatikana vya rangi ile, nikaweka vya kijani.