Kichupa cha dozi 10

Mwaka 2017 niliingizwa kwa mara ya kwanza kwenye jopo la udahili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, katika chuo nilichokuwa nikifundisha Dar es Salaam. Nilikabidhiwa mafaili 46 na siku sita za kuyasoma, na vipindi vyangu vya darasani viko palepale. Nikayabeba nyumbani kwenye boksi la karatasi za A4.

Kila faili nililisoma kwa mpangilio uleule: transkripti, barua mbili za wadhamini, mwisho kurasa mbili za maelezo binafsi ya mwombaji. Kwa hiyo nilipofika kwenye maelezo nilikuwa nimeshajua mtu kasoma wapi, kafanya kazi wapi, kapata alama gani. Aliyenisimulia hayo upya nilimruka bila hata kukusudia. Maelezo yalipata dakika tatu, nne zikizidi sana.

Kufikia faili la 15 niliona jicho langu linakwenda lenyewe. Linasoma mistari miwili ya juu, linateremka haraka likitafuta kitu cha kushika, yaani jina la mahali, namba, au jambo ambalo mtu amelifanya kwa mikono yake, kisha linatua aya ya mwisho kuona anatutakia nini. Ile mistari ya juu ilifanana mno. Tangu utotoni nina shauku ya kuhudumia jamii. Naamini afya ni msingi wa maendeleo. Sikuwa na shaka kwamba walimaanisha, ila baada ya kusoma sentensi hiyo mara kumi sikuweza tena kumwona mtu aliyeiandika.

Faili la 31 nililisoma saa tano usiku. Mwombaji alikuwa muuguzi wa zahanati, naye alianza na utotoni. Nikampa 6 kati ya 10, na kwenye fomu yangu nikaandika neno moja: kawaida.

Mwenzangu mzoefu wa jopo alikuwa amenionya kwamba faili lililosomwa kwa uchovu lirudiwe asubuhi. Nikalirudia. Ukurasa wa pili, aya ya nne, ndipo nilipomkuta. Alikuwa amefungua rejesta ya chanjo akaona watoto wengi wana alama ya surua ya miezi 9, lakini safu ya miezi 18 ni tupu. Akadhani mama zao hawakuja. Alipowauliza, baadhi wakamwambia walikuja wakarudishwa. Kichupa kimoja cha chanjo kina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake haitakiwi kukaa zaidi ya muda wa saa sita, inayobaki inamwagwa. Siku hiyo kwenye benchi kulikuwa na watoto wawili. Muuguzi aliyekuwa zamu, akiogopa kumwaga dozi nane, akawaambia warudi Alhamisi, siku ya watoto wengi. Mmoja hakurudi tena.

Halafu akauliza: dozi nane zilizomwagwa na mtoto mmoja aliyekosa chanjo, vinapimwaje kwenye mizani moja? Hakujua namna ya kukokotoa, akasema ndicho alichotaka kuja kujifunza. Nilikaa na ule ukurasa mkononi, nikaifuta 6 nikaandika 9. Kilichoniuma ni kwamba usiku jicho langu lilipita palepale juu ya hiyo aya. Ilikuwa imebanwa katikati ya maandishi yaliyosongamana, juu yake sentensi tatu kuhusu uongozi.

Jopo lilikaa wiki mbili baadaye. Nafasi zilikuwa chache, na mwenyekiti alitaka kila msomaji awatetee watu wake. Hapo ndipo nilipojua kilichobaki kichwani. Kati ya 46 niliwakumbuka wanne bila kufungua fomu, na hata hao si kwa majina. Nilisema "yule wa kichupa", na ndani ya dakika moja wenzangu wawili, ambao hawakuwa wamesoma faili lile, walikuwa wanabishana kuhusu dozi nane kama vile benchi la zahanati liko mbele yao.

Niliyemkumbuka pia ni kijana aliyefiwa na wazazi wote akalelewa na bibi. Aya zake zilinitoa machozi. Mwenyekiti aliponiuliza, "Anataka kuchunguza nini?" nikapekua fomu yangu yote. Nilikuwa nimeandika juu ya bibi tu. Nikaomba faili lenyewe, nikatafuta kwenye kurasa zote mbili. Swali lake halikuwemo. Sikuwa na neno la kumtetea, na mpaka leo nikimkumbuka nasononeka, kwa sababu huenda swali alikuwa nalo.

Muuguzi alipita. Kabla ya kurudisha faili lake kabatini nilisoma tena aya yake ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma mara mbili kabla ya hapo, lakini ilikuwa kama naiona kwa mara ya kwanza.