Kipande kilichopungua

Juzi binti yangu alifungua daftari la Hisabati na kuniuliza kwa nini kipande cha chakula kwenye grafu ya duara kimekuwa kidogo, ilhali nyumbani nalalamika kila siku kwamba chakula kinatumaliza. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo nilishawahi kulikosa mimi mwenyewe, tena nikiwa mtungaji.

Tulikuwa walimu wanne tukiandaa mtihani wa moko wa darasa la saba. Nilichora duara mbili za matumizi ya familia moja: Januari, shilingi 200,000, chakula nyuzi 180, Juni, shilingi 300,000, chakula nyuzi 144. Nikauliza matumizi ya chakula yalibadilika kwa asilimia ngapi, na kwenye mwongozo wa majibu nikaandika bila wasiwasi: yalipungua kwa asilimia 10.

Mzee wetu wa kamati alivaa miwani, akaweka kipimapembe juu ya duara la kwanza, kisha la pili, ingawa nyuzi nilikuwa nimeshaziandika. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kusikia chaki ikikwaruza darasa la jirani.

"Mwalimu," akasema, "hapa kimepungua nini?"

"Chakula."

"Nunua basi. Januari una shilingi ngapi mkononi?"

Nusu ya 200,000 ni 100,000. Asilimia 40 ya 300,000 ni 120,000. Sauti yangu ilififia kabla sijamaliza. Kilichopungua ni sehemu ya duara, kutoka asilimia 50 hadi 40. Fedha za chakula ziliongezeka kwa 20,000, ambayo ni asilimia 20 ya zile za Januari.

Hakunikemea. Alinitaka tu jibu langu lile lile nilibakize kama chaguo A, kwa kuwa, alisema, limeshamnasa mtu mmoja. Tukaongeza asilimia 50, kwa atakayekokotoa ongezeko la jumla badala ya la chakula, na karibu asilimia 17, kwa atakayegawanya 20,000 kwa fedha za chakula za Juni.

Swali la grafu ya mihimili lililofuata nalo lilirekebishwa harakaharaka. Kipimio kilikuwa sentimita 1 kwa shilingi 10,000, nami nilitaka wanafunzi wakadirie nauli kwa kuchagua kati ya 25,000, 26,000 na 27,000, yaani kutofautisha milimita moja kwenye karatasi ya kudurufu ambayo wino wake ulivuja. Tukaweka 15,000, 26,000 na 38,000.

Matokeo yalipokuja, wengi walikuwa wamechagua A. Sijui hadi leo kama tuliwapima au tuliwatega, maana hata mimi mtego ule ulininasa nikiwa na bikari mkononi.

Binti yangu bado alikuwa akisubiri. Nilimuuliza kama chini ya duara pameandikwa jumla ya fedha. Akageuza ukurasa, akatafuta, akasema hapana.